Shajara ya mradi: muhula wa mwisho unatakiwa ulete GPA ngapi ili jumla ifike 3.5

Mradi huu ni lahajedwali ndogo ya kwenye simu. Unaingiza matokeo ya mihula iliyopita, unaandika GPA unayoilenga, nayo inakuambia muhula uliobaki unatakiwa ulete nini. Nimeitengeneza kwa ajili ya mdogo wangu, anayesoma uhasibu Iringa, mwaka wa tatu, huku mimi nikiwa Mbeya. Naandika hatua kwa hatua ili mwenye shida kama yake aige, na aone ni wapi hesabu hizi huharibika.

3 Machi 2025: Swali lenyewe

Mdogo wangu alipiga simu matokeo ya muhula wa tano yalipotoka. Jumla yake inasoma 3.4. Daraja la pili la juu linaanzia 3.5, na tangazo la ufadhili alilolisoma linataka daraja hilo. "Kaka, nimebakiwa na muhula mmoja tu. Nikipata 3.6 si inatosha? Tatu nukta nne na tatu nukta sita, katikati yake ni tatu nukta tano."

Hesabu hiyo nimeisikia kwa wanafunzi wengi wanaokuja kuchapa kazi zao hapa steshenari Mwanjelwa, na ndiyo inayowaangusha zaidi. Inachukulia kwamba muhula mmoja una uzito sawa na mihula mitano iliyotangulia. Amekwishamaliza krediti 308, zimebaki 58, na jumla ya shahada ni 366. Muhula wa mwisho ni kama asilimia 16 tu ya safari nzima. Akileta 3.6 kwenye asilimia 16, jumla itasogea kidogo sana. Nilimwahidi jibu kamili baada ya kupata karatasi zake zote.

Kwa asiyeujua mfumo wetu: vyuo vyetu vinatumia kipimo cha pointi 5. A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1, na E ni 0. Kila kozi ina krediti zake. Pointi za kozi ni krediti mara thamani ya daraja, kwa hiyo kozi ya krediti 10 uliyopata B+ inakupa pointi 40. GPA ni pointi zote gawanya kwa krediti zote. Daraja la kwanza ni 4.4 hadi 5.0, la pili la juu 3.5 hadi 4.3, la pili la chini 2.7 hadi 3.4, na pasi ni 2.0 hadi 2.6.

Gharama hadi sasa: bando la sh. 2,000.

8 Machi 2025: Jaribio la kwanza, kutumia GPA za mihula

Alinitumia picha za skrini za mihula yote mitano. Njia ya haraka ilikuwa kuchukua GPA iliyoandikwa chini ya kila muhula, kuizidisha kwa krediti za muhula huo, kisha kujumlisha. Niliijaribu kwanza kwa sababu kila mtu ana namba hizo kichwani, na kama ingefaa, chombo kingekuwa chepesi sana.

Namba zake zilikuwa hizi: muhula wa kwanza krediti 60 kwa 2.9, wa pili krediti 62 kwa 3.2, wa tatu krediti 56 kwa 3.4, wa nne krediti 72 kwa 3.6 (mafunzo kwa vitendo yamo humo), na wa tano krediti 58 kwa 3.5. Jumla yake ilikuja pointi 1,025. Ili kufika 3.5 kwa krediti 366 anahitaji pointi 1,281. Kwa hiyo zilibaki pointi 256 kwenye krediti 58, yaani muhula wa mwisho ulete 4.41.

Jibu hilo lilikuwa zito, na lilikuwa na kasoro inayoonekana kwa macho. Pointi 1,025 gawanya kwa 308 ni 3.32. Lakini skrini ya chuo inasema jumla yake ni 3.4. Namba mbili za mtu mmoja haziwezi kugombana hivyo, kwa hiyo njia yenyewe ndiyo mbovu.

Chanzo ni ukataji. Chuo chake hakikadirii GPA kwenda juu. Kinaikata baada ya tarakimu moja ya desimali. Aliyepata 3.58 anaandikiwa 3.5, na aliyepata 3.29 anaandikiwa 3.2. Ukiizidisha namba iliyokatwa, unapoteza kipande kila muhula, na vipande vitano vimemnyang'anya pointi 23 kwenye karatasi. Hizo ni zaidi ya kupandisha kozi mbili za krediti 10 kutoka B+ hadi A. Mtu angeweza kukata tamaa kwa deni ambalo hadaiwi.

Nikajaribu kuanza na jumla, ile 3.4, mara krediti 308. Hii ilileta hitaji la 4.03, jibu la karibu zaidi na lile la kweli tutakaloliona mbele. Lakini ukaribu huo ni wa bahati. Skrini ikisema 3.4, GPA halisi inaweza kuwa popote kuanzia 3.40 hadi 3.49 na ushei. Kwa mtu aliye karibu na 3.5 kwa chini, muhula wa mwisho unahitaji kama 3.50 tu. Kwa aliye kwenye 3.40 kamili, unahitaji 4.03. Hao wawili wanaona namba ileile kwenye skrini, na mmoja anatakiwa apate B za kutosha na B+ kadhaa wakati mwingine anatakiwa apate B+ zote na zaidi. Tarakimu moja ya desimali imeficha nusu daraja.

Kwa hiyo uamuzi ni kuacha kabisa GPA zilizoandikwa na kurudi kwenye kozi moja moja.

15 Machi 2025: Kozi moja moja, na karatasi iliyopitwa na wakati

Kazi hii inachosha lakini haina ujanja. Nimechukua kila kozi, krediti zake na daraja lake, nikazidisha. Mfano ni muhula wa tano: kozi mbili za krediti 12 na moja ya krediti 10, zote B+, kisha kozi tatu za krediti 8, zote B. Pointi ni 48, 48, 40, halafu 24 mara tatu. Jumla ni 208 kwa krediti 58, yaani 3.586, na skrini inaonyesha 3.5. Inalingana. Hiki ndicho kipimo changu kwa kila muhula: GPA niliyoipata mimi nikiikata tarakimu moja, lazima ifanane na ya skrini. Isipofanana, kuna kitu hakijakaa sawa na siendelei.

Muhula wa pili, wa tatu na wa nne ulipita. Pointi 204, 194 na 264.

Muhula wa kwanza ulileta shida ya aina nyingine. Picha niliyotumiwa awali, yenye 2.9, ilikuwa imekatwa na kozi hazikuonekana zote, kwa hiyo alinitumia karatasi aliyoichapa mwaka wa kwanza. Kwenye karatasi hiyo pointi zilikuja 162 kwa krediti 60, yaani 2.7 kamili. Skrini 2.9, karatasi 2.7. Nilimpigia.

"Ile karatasi ni ya kabla ya sapu, kaka. Kozi moja nilipata E, nikarudia Septemba."

Kozi hiyo ni ya krediti 8. Kwa chuo chake, anayefaulu sapu anapewa C, hata akipata alama 80. C mara krediti 8 ni pointi 16, na 162 ikawa 178. Gawanya kwa 60 unapata 2.966, skrini inaonyesha 2.9. Imekaa sawa. Ningeendelea na karatasi ya zamani, jumla ingekosa pointi 16 na hitaji la muhula wa mwisho lingepanda hadi 4.29 bila sababu.

Kwa atakayeiga: tumia matokeo ya sasa hivi, yaliyopakuliwa kwenye akaunti yako ya chuo, usitumie karatasi zilizokaa kwenye faili. Na uangalie kama kuna kozi inayoonyeshwa kuwa imefaulu tu bila daraja. Kozi ya namna hiyo haiingii kwenye pointi, na krediti zake pia zisiingie kwenye kigawanyo. Mdogo wangu hana, ila nimeona wanafunzi wengine wanazo.

Jumla ya kweli: pointi 1,048 kwa krediti 308. GPA halisi ni 3.4026. Yuko karibu kabisa na sakafu ya 3.4.

Gharama: kuchapa kurasa tano, sh. 1,000.

16 Machi 2025: Lahajedwali yenyewe

Safu A ni muhula, B ni krediti, C ni pointi. Mihula mitano inakaa mstari wa 2 hadi wa 6. Krediti zilizobaki zinaandikwa B8, na lengo linaandikwa B9.

```
B7:  =SUM(B2:B6)
C7:  =SUM(C2:C6)
B8:  58
B9:  3.5
B10: =(B9*(B7+B8)-C7)/B8
B11: =(C7+5*B8)/(B7+B8)
```

B10 ndiyo jibu. Ukiisoma kwa maneno: lengo mara krediti zote za shahada ndizo pointi unazotakiwa kuwa nazo siku ya mwisho. Toa ulizonazo tayari. Kinachobaki kigawe kwa krediti zilizobaki. Kwake ni 1,281 kutoa 1,048, zimebaki 233, gawanya kwa 58. Jibu ni 4.017.

B11 nimeiweka kwa makusudi. Inaonyesha dari: GPA ya mwisho kama utapata A kwenye kila kozi iliyobaki. Kwake ni 3.655, itakayoandikwa 3.6. Kwa hiyo 3.5 inafikika, na hata akifanya maajabu hawezi kuvuka 3.6. Mtu akiijua dari yake kabla, haumizi kichwa na lengo lisilokuwepo.

Kuna njia ya kichwani inayoleta jibu hilohilo. Chukua pengo kati ya lengo na GPA yako halisi, lizidishe kwa krediti zote gawanya kwa zilizobaki, kisha ongeza kwenye GPA yako. Kwake pengo ni 0.0974, na 366 gawanya kwa 58 ni kama 6.3. Zidisha unapata 0.614, ongeza 3.4026, inakuja 4.017. Hapo ndipo unapoona kwa nini muhula wa mwisho ni mgumu: kila 0.1 unayotaka kupandisha kwenye jumla inadai zaidi ya 0.6 kwenye muhula wenyewe.

Nilimtumia. Akajibu mara moja: "Kwa hiyo B+ zote."

22 Machi 2025: B+ zote hazitoshi

Nimekaa na jibu lake, kwa sababu linaonekana sahihi na lahajedwali yenyewe ilikuwa inaliunga mkono.

B+ kwenye kozi zote sita ni 4 mara 58, pointi 232. Ongeza 1,048 unapata 1,280. Gawanya kwa 366. Kwenye simu yake kisanduku kilionyesha 3.5, na alifurahi. Lakini hitaji lilikuwa pointi 233. Pointi moja imepelea, na bado kisanduku kinasema amefika.

Kilichotokea ni kwamba kisanduku kilipangwa kuonyesha desimali moja, na lahajedwali ikipangwa hivyo inakadiria. Namba halisi ni 3.4973. Lahajedwali inaipandisha kuwa 3.5, chuo kinaikata kuwa 3.4. Kwenye cheti angesoma daraja la pili la chini, huku simu yake ikimwambia vingine hadi siku ya mahafali.

Marekebisho yalikuwa mawili. Kisanduku cha GPA ya mwisho sasa kinakata kama chuo kinavyokata, B12 ikiwa ni mahali pa kuandika pointi za muhula wa mwisho anazozitarajia:

```
B12: 232
B13: =TRUNC((C7+B12)/(B7+B8),1)
B14: =IF(C7+B12>=B9*(B7+B8),"umefika","bado")
```

B14 inalinganisha pointi kwa pointi na haigusi desimali kabisa. Ndiyo ninayoiamini zaidi. Ukiweka 232 inasema bado. Ukiweka 234 inasema umefika.

Kwa nini 234 na si 233? Kozi zake zote zina krediti za namba shufwa: utafiti 12, ukaguzi wa hesabu 10, kodi 10, usimamizi wa fedha 10, sheria ya kampuni 8, ujasiriamali 8. Krediti shufwa mara daraja lolote ni pointi shufwa. Pointi 233 hazipatikani kwa mchanganyiko wowote, na hatua ya kwanza inayowezekana ni 234. Ndiyo maana jibu la 4.017 peke yake halimsaidii mwanafunzi. Hakuna daraja linaloitwa 4.017. Linatakiwa ligeuzwe kuwa A ngapi, kwenye kozi zipi.

Kwake ugeuzaji huo ulikuja mwepesi sana, kwa kuwa B+ zote zinamfikisha mlangoni kabisa. Chukulia kila kozi ni B+. Kozi akipanda hadi A, anaongeza pointi sawa na krediti za kozi hiyo. Akishuka hadi B, anapoteza kiasi hichohicho. Kwa hiyo kwake kanuni ni moja: krediti za kozi alizopata A zizidi krediti za kozi alizopata B. Zikilingana, yuko 232 na amekosa. A ya ujasiriamali na B ya sheria, zote krediti 8, zinamrudisha palepale. A ya ukaguzi na B ya sheria, 10 kwa 8, zinamvusha. C inahesabiwa mara mbili, kwa hiyo C moja ya krediti 8 inadai A za zaidi ya krediti 16.

Nilimwandikia hivyo kwenye ujumbe na akauweka juu ya meza yake. Anasema anaishika kuliko desimali.

12 Aprili 2025: Wengine wawili

Habari imefika kwa wanafunzi wengine hapa Mbeya, na nimeijaribu lahajedwali kwa hali mbili tofauti.

Kijana wa uhandisi, miaka minne, krediti 480. Amemaliza 420 akiwa na pointi 1,390, GPA halisi 3.309. Anataka 3.5. B10 inampa 4.83. Krediti 60 zilizobaki zikiwa A zote ni pointi 300, naye anahitaji 290. Ana nafasi ya kupoteza pointi 10 tu, yaani B+ moja kwenye kozi ya krediti 10, basi. Nilimwambia ilivyo. Inawezekana kwa hesabu, na katika mihula saba iliyopita hajawahi kupata A zaidi ya mbili kwa muhula. Akaamua mwenyewe kuelekeza nguvu kwenye mradi wake wa mwisho, ambao ndio atakaoubeba kwenda nao kutafuta kazi.

Wa pili ni dada anayelenga daraja la kwanza. Krediti 300 kati ya 360, pointi 1,272, GPA 4.24. B10 ilitoa 5.2. Haiwezekani, kwa kuwa hakuna daraja juu ya A. B11 inaonyesha dari yake ni 4.366, itakayoandikwa 4.3. Alikuwa ameambiwa na wenzake kwamba akijitahidi sana 4.4 ipo. Nimehamisha B11 ije juu ya B10 ili mtu aione dari kwanza, na B10 ikizidi 5 sasa inaandika "haifikiki" badala ya namba:

```
=IF((B9*(B7+B8)-C7)/B8>5,"haifikiki",(B9*(B7+B8)-C7)/B8)
```

14 Juni 2025: Kutoka GPA hadi alama za mtihani

Alama za kazi za muhula zimebandikwa. Hapa ndipo mpango unakuwa wa kweli, kwa sababu sasa tunajua kila kozi inadai nini kwenye chumba cha mtihani.

Chuoni kwake kazi za muhula zina alama 40 na mtihani wa mwisho 60. A inaanzia 70, B+ inaanzia 60, B inaanzia 50. Ukaguzi ana 29, kwa hiyo A inadai 41 kati ya 60 na B+ inadai 31. Ujasiriamali ana 31, A inadai 39. Fedha ana 26, B+ inadai 34. Kodi ana 24, B+ inadai 36. Sheria ana 20 tu, B+ inadai 40 na B inadai 30.

Alama zake za mitihani ya mwisho za mihula iliyopita, ambazo alizipata kwa kutoa alama za kazi za muhula kwenye jumla, zinachezea kati ya 30 na 42. Hicho ndicho kipimo cha uwezo wake halisi, na nilisisitiza tukitumie hicho, tusitumie matumaini.

Mpango wake wa kwanza ulikuwa kutumia muda mwingi kwenye sheria, kwa kuwa ndiyo dhaifu. Tuliupima na ukaanguka. Kupandisha sheria kutoka B hadi B+ kunadai alama 10 zaidi kwenye mtihani na kunaleta pointi 8. Kupandisha ukaguzi kutoka B+ hadi A kunadai alama 10 pia na kunaleta pointi 10. Tena 41 ya ukaguzi iko ndani ya uwezo wake, wakati 40 ya sheria ni ya somo ambalo limemlemea muhula mzima. Nguvu ileile, kozi nzito inalipa zaidi.

Kuna jambo lingine wanafunzi hawalipi uzito. Alama 60 na alama 69 zina pointi ileile. Fedha, kama anajiona yuko salama kwenye 34 hadi 38 ya mtihani, saa za ziada hapo hazimwongezei chochote mpaka afike 44 inayoleta A. Saa hizo ziende kwenye kozi iliyo karibu na mpaka.

Kwa hiyo mpango mpya ni huu. Utafiti, krediti 12, usukumwe hadi A: hauna mtihani, unategemea ripoti na utetezi, na msimamizi wake amekwishairudisha rasimu ikiwa na marekebisho yanayofanyika. Ukaguzi na ujasiriamali zilenge A. Fedha na kodi zishikwe kwenye B+. Sheria ikubaliwe kuwa B, lakini isishuke C, maana C yake ingekula pointi 16. Kwa mpango huo A zina krediti 30 dhidi ya 8 za B. Akiba inatosha kumeza ajali moja, hata mbili.

Gharama: alichapa na kujalidi ripoti ya utafiti, sh. 9,000. Aliyatumia maoni ya msimamizi yote kabla ya kujalidi nakala ya mwisho, na hiyo ilimwokolea kujalidi mara mbili.

12 Julai 2025: Mitihani imeisha

Ya kuandika ni machache. Ukaguzi anasema uliingia vizuri. Kodi ilikuja na swali kubwa la kodi ya ongezeko la thamani ambalo alilimaliza nusu. Akiba tuliyoiacha ndiyo itakayoamua.

23 Agosti 2025: Matokeo

Utafiti A. Ukaguzi A, jumla ya alama 71, juu ya mpaka kwa alama moja. Ujasiriamali ulikosa A kwa alama mbili: 68, B+. Fedha B+. Kodi ilishuka B, na sheria B kama ilivyotarajiwa.

Krediti za A ni 12 na 10, jumla 22. Krediti za B ni kodi 10 na sheria 8, jumla 18. Zimezidi kwa 4, kwa hiyo muhula una pointi 236. Nilihakikisha kozi kwa kozi: 60, 50, 32, 40, 30, 24, zinafika 236. Ongeza 1,048 unapata 1,284, gawanya kwa 366 ni 3.508. TRUNC inaandika 3.5, na skrini ya chuo inaandika 3.5.

Kama ukaguzi ungeishia 69, A ingebaki ya utafiti peke yake, 12 dhidi ya 18, pointi 226, na jumla ingekuwa 3.48. Kwa ajili ya wanaokaa mpakani hivyo, nimeongeza safu mpya kwenye lahajedwali: kwa kila kozi unaandika alama za kazi za muhula, nayo inatoa alama za mtihani zinazodaiwa kwa A, B+ na B. Fomula ni ya kutoa tu, `=70-D2`, `=60-D2` na `=50-D2`, D2 ikiwa ni alama za kazi za muhula. Chuo chako kikiwa na mipaka tofauti ya madaraja, badilisha namba hizo tatu kwanza kabla ya kugusa kitu kingine.

Gharama yote ya mradi: bando sh. 2,000, kuchapa matokeo sh. 1,000, kujalidi ripoti sh. 9,000. Jumla sh. 12,000.